Ratiba ya asubuhi, siku za shule

Hamisi, Amina, Zubeda, pamoja na Shangazi,

Muhula wa pili unaanza Jumatatu. Mimi natoka saa 11 alfajiri kwenda sokoni Wobulenzi, kwa hiyo nawaandikia. Muhula uliopita Amina alikuta geti limefungwa mara tatu, na mara zote tulikuwa tunatafuta kitu: soksi, daftari la hesabu, kikombe cha uji. Kutafuta sasa ni kazi ya usiku.

Usiku, kabla ya kulala
Pigeni pasi sare umeme ukiwepo. Ukikatika, pasi ya mkaa iko chini ya kabati, na anayeigusa ni Hamisi tu. Kila mtu atundike shati, sweta, na sketi au kaptula kwenye msumari wake. Viatu vipakwe rangi, soksi ziwe ndani yake. Soksi mbichi ianikwe karibu na sigiri, isivaliwe hivyo hivyo. Mifuko ikae mlangoni imeshafungwa. Ya Zubeda nitaikagua mwenyewe, kikombe na kijiko vikiwemo. Hamisi ajaze jerikeni mbili za kuogea. Shangazi, naomba viazi vitamu vimenywe usiku na kulowekwa.

Saa 11:15
Shangazi awashe sigiri, abandike viazi, kisha uji. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi, usifanye madonge. Hamisi na Amina waamke, waswali, waoge.

Saa 11:45
Zubeda aamshwe taratibu na aogeshwe kwa maji ya vuguvugu.

Saa 12:00
Kula. Mle mkiwa na fulana na kanga, sare bado ziko msumarini, maana doa la uji kwenye shati jeupe halitoki kwa kitambaa. Zubeda hula polepole, basi yeye apakuliwe kwanza na asigombezwe. Jumatano kuna chai ya maziwa na chapati za jana yake, Ijumaa yai moja moja. Hata kama hamna njaa, kunyweni kikombe kizima. Uji wa shule unakuja saa 4.

Saa 12:25
Piga mswaki, vaa, chana nywele. Amina amfunge Zubeda kamba za viatu.

Saa 12:40
Mko nje, watatu pamoja. Geti linafungwa saa 1:15 na njia ni dakika 20. Pitieni njia ya nyuma ya msikiti. Barabara ya Gulu mnaivuka mara moja tu, Hamisi akimshika Zubeda mkono, na malori yakiwa mbali kabisa. Mkiwa mmechelewa msikimbie barabarani. Afadhali adhabu ya mwalimu.

Mvua ikinyesha tokeni saa 12:30, mvae malapa, viatu na soksi viwe kwenye kavera. Mtanawa miguu shuleni.

Daftari likiisha au kalamu ikipotea, niambieni jioni hiyo hiyo. Duka la hapo kona linafungwa saa 2 usiku.

Mama