Kadi ya Tathmini ya Msambazaji: Katoni za Kufungashia, Robo ya Pili (Aprili–Juni)

Imeandaliwa na: Kitengo cha Ununuzi, pamoja na ghala na udhibiti ubora
Nakala: Msambazaji, Meneja Uzalishaji
Bidhaa: Katoni za chupa 12 za lita moja

| Kigezo | Uzito | Alama (kati ya 100) | Alama za mwisho |
|---|---|---|---|
| Muda wa kufikisha mzigo | 35% | 72 | 25.2 |
| Ubora | 30% | 74 | 22.2 |
| Uthabiti wa bei | 15% | 90 | 13.5 |
| Wepesi wa kujibu | 20% | 75 | 15.0 |
| Jumla | 100% | | 75.9 |

Daraja: B (A ni 90 na zaidi, B ni 75 hadi chini ya 90, C ni 60 hadi chini ya 75, chini ya 60 ni D). Robo iliyopita mlipata 82.4.

Muda wa kufikisha mzigo

Tulitoa oda 28. Tatu tumeziondoa kwenye hesabu kwa sababu sisi wenyewe tuliziomba zifike kabla ya siku tano zilizokubaliwa kwisha, na si haki kuwabebesha haraka yetu. Kati ya 25 zilizobaki, 18 zilifika siku yake na zikiwa kamili. Nne zilichelewa siku moja, moja ilifika kwa wakati lakini ikapungua katoni 600, na mbili zilichelewa siku nne.

Hizo mbili ndizo zilizotuumiza. Katoni zilipokwisha ghalani, laini ya kufungashia ilisimama huku chupa zikiwa zimeshajazwa, na wafanyakazi wa zamu wakakaa bila kazi. Mara zote mbili taarifa ya kuchelewa tuliipata baada ya kupiga simu sisi. Tungeambiwa siku moja kabla, tungebadilisha ratiba tukafungasha chupa ndogo kwanza, na hasara ingekuwa ndogo sana.

Ubora

Katoni zilizopokelewa ni 48,000. Zilizokataliwa ni 1,104, yaani 2.3%. Mkataba unaruhusu 1%, na kila 0.1% inayozidi hapo hupunguza alama mbili.

Katoni 314 zilikuwa na uchapaji uliofifia, na tatizo hilo halikujirudia baada ya Aprili. Zilizobaki 790 ziliachia gundi kwenye kiungo cha ubavuni. Kwa macho zinaonekana nzima. Kiungo kinafunguka pale katoni iliyojaa inapoinuliwa, na chupa zinadondoka. Katoni 702 kati ya hizo zilitoka kwenye mizigo miwili ya Mei iliyoletwa siku za mvua kwa gari lisilofunikwa turubai. Mtunza ghala aliandika kwenye hati ya mapokezi kwamba tabaka za juu zilikuwa na unyevu, na dereva wenu akasaini. Kwa hiyo hatuamini kwamba kosa lote ni la kiwandani kwenu. Sehemu kubwa ni ya usafirishaji, ambao ni rahisi kuurekebisha.

Uthabiti wa bei

Bei ya katoni haikubadilika robo nzima, na tunawashukuru kwa dhati. Alama kumi zimepungua kwa sababu ankara mbili zilikuja na gharama ya usafiri isiyokuwepo kwenye oda, alama tano kwa kila ankara. Mliziondoa tulipouliza.

Wepesi wa kujibu

Tuliwaandikia kuhusu masuala 16. Mlijibu 14 ndani ya siku moja ya kazi (87.5%), lakini yaliyomalizika ndani ya siku tano ni 10 tu (62.5%). Alama ni wastani wa hivyo viwili. Mhudumu wenu wa mauzo hujibu upesi na kwa heshima. Kinachokwama ni fidia ya katoni zilizokataliwa, ambayo inaonekana kusubiri idhini ya mtu mwingine.

Maoni ya kitengo

Mmebaki daraja B kwa chini ya alama moja. Bei yenu nzuri imewabeba kwa muda, lakini saa za laini iliyosimama zinameza nafuu hiyo, na meneja uzalishaji ameshauri tutafute msambazaji wa pili. Sisi kitengo cha ununuzi tunapendelea kuendelea nanyi, kwa masharti haya:

1. Mzigo ukionekana kuchelewa, tupigiwe simu kabla ya saa nane mchana ya siku iliyotangulia.
2. Kila gari liwe na turubai. Mzigo wenye unyevu utarudishwa getini bila kushushwa.
3. Fidia ya katoni zilizokataliwa iingie kwenye ankara inayofuata.

Nyongeza ya oda tuliyoizungumza Machi inasimama hadi robo ya tatu ifikie alama 80, na alama ya muda wa kufikisha mzigo isiwe chini ya 85. Kama kuna takwimu hapa msiyokubaliana nayo, leteni hati zenu za kukabidhi mzigo ndani ya siku saba za kazi, tuzilinganishe na zetu mezani, oda kwa oda.