Maneno ya kufungua semina: kuandika tangazo kwa jicho la mnunuzi

Wapapa na wamama, yaya zangu, wadogo zangu, jambo kwenu wote. Karibuni Kamalondo. Asanteni kwa kufika mapema Jumamosi, siku ambayo soko linachangamka na kila mmoja wenu aliacha wateja ili awe hapa. Nitasema kidogo, kisha tutaingia kwenye kazi yenyewe, maana iko ndani ya simu zenu.

Tulio hapa tunauza vitu vya kila aina: nyumba za kupanga, parsele, magari, simu, vitenge, unga, frigo ambazo watu wanaohama wanaziacha. Wote tunatangaza kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook. Wiki hii nilisoma matangazo mliyonitumia, moja baada ya lingine. Foto nyingi ni safi, na bidii inaonekana. Lakini karibu yote yameandikwa na mtu anayeitazama mali yake na kuisifu. Anayesoma hayuko hapo. Yuko Ruashi au Kisanga, mega zimebaki chache, pesa yake ameihesabu jana usiku na ameihesabu tena asubuhi, na anajiuliza kama inafaa kutoka nyumbani. Tangazo linaandikwa kwa ajili ya huyo. Kabla ya kuandika hata neno moja, jiulize: anahitaji kujua nini ndipo avae viatu atoke?

Tuchukue nyumba ya kupanga, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteza siku nyingi zaidi. Tangazo tunaloliona kila siku linasema hivi: "Nyumba nzuri sana Bel-Air, mahali patulivu, bei ya kuelewana, njoo inbox." Mama mwenye watoto wanne analisoma, na maswali yake yote anabaki nayo. Vyumba ni vingapi? Choo na bafu viko ndani, au viko nje na tunachangia na wapangaji wengine? Maji ni ya bomba la Regideso, na kama ni ya bomba yanatoka saa ngapi? Kuna foraji ndani ya parsele? Mita ya umeme ni ya kwetu peke yetu, au kila mwezi mtu atapita mlango kwa mlango kukusanya pesa na tutagombana? Mwenye nyumba anaishi humo humo? Halafu swali ambalo karibu hakuna anayelijibu: mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, gari inafika mlangoni?

Swali hilo naliomba mlikumbuke. Huku kwetu mvua ni za kuanzia Novemba mpaka Machi. Anayekuja kuona nyumba mwezi wa saba anakuta vumbi na barabara kavu. Hata akiwa na macho makali hawezi kuona tope la Januari. Wewe unayepita kwenye avenyu ile mwaka mzima ndiye unayelijua. Ukinyamaza, amehamia na vitanda vyake, na tope atakutana nalo peke yake.

Kisha pesa. Unaandika "dola 120 kwa mwezi" na kuishia hapo. Mama yule siku ya kuingia hatoi dola 120. Anatoa garanti, anatoa mwezi wa kwanza, anatoa na komisio ya komisionere. Garanti ya miezi 3 tu ni dola 360, na hiyo ndiyo namba inayoamua kama nyumba iko ndani ya uwezo wake. Na kwa kuwa tumeifikia garanti: sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Tunawajua wenye nyumba wanaodai zaidi. Komisionere anayeandika miezi 6 kwenye tangazo anatangaza mbele ya watu wote kitu ambacho sheria inakikataza. Zungumza na mwenye nyumba kwanza.

Sasa niwasomee nyumba ile ile, ikiandikwa kwa kumfikiria yule mama:

"Nyumba ya kupanga, Bel-Air. Vyumba 2 na salo, choo na bafu ndani. Maji ya foraji ndani ya parsele. Mita ya umeme ni ya nyumba hii peke yake. Parsele ina nyumba 2, mwenye nyumba haishi hapo. Dakika 7 kwa miguu mpaka kituo cha taksi-basi. Wakati wa mvua gari ndogo haifiki mlangoni, inabaki kama mita 100. Dola 120 kwa mwezi, garanti miezi 3, komisio mwezi 1. Kuona ni Jumamosi na Jumapili, saa nane mpaka saa kumi na moja."

Ndani yake hakuna sifa hata moja, na mama anaweza kuamua akiwa bado amekaa kwenye kiti chake. Najua mmoja wenu anawaza: hizo mita 100 zitanifukuzia wateja. Kweli, zitamwondoa mwenye gari. Lakini huyo angeondoka hata hivyo, tofauti ni kwamba angeondoka baada ya wewe kulipa taksi, kumsubiri juani, na kukosa mteja mwingine wa saa ile ile. Asiye na gari, ambaye ni watu wengi kuliko mwenye gari, ataona kwamba unasema ukweli, na yale mengine yote uliyoandika atayaamini.

Juu ya bei nitasema kwa nguvu kidogo, mniwie radhi. Andikeni bei. Mnasema wenzetu wataiona na kushusha ya kwao. Mnasema mteja akija inbox ndipo tunaweza kumvuta. Mimi nimekuwa upande wa anayeuliza mara nyingi, na najua kinachotokea: ukiuliza bei na jibu linakuja kesho, umeshanunua kwa mwingine. Tena anayeficha bei anafikiriwa kwamba anapima kwanza mfuko wa mtu ndipo ataje. Hakuna anayependa kupimwa hivyo. Na ukiandika, andika ni dola au franka, kwa sababu mtu anayelipa franka anataka kujua utahesabu kwa kiwango gani. Kama bei inapungua, sema inapungua kidogo. Kama haipungui, sema pia, utajiokoa na ujumbe ishirini wa "mwisho ngapi?"

Mapungufu ya kitu. Kuna tangazo moja la frigo ambalo nimelipenda, la mama mmoja aliyeko hapa, nimeomba ruhusa yake. Ameandika lita 180, milango miwili, ya juu inagandisha. Kisha ameandika: raba ya mlango wa chini imelegea, inabidi kuusukuma mpaka usikie unafunga. Na foto ya pili ni ya raba ile ile, ameipiga karibu, inaonekana ilipoachana na mlango. Na ameandika kwamba ukija utaikuta imewashwa tangu asubuhi, utaweka mkono ndani mwenyewe. Aliuza. Mnunuzi alikuja na raba nyingine tayari mkononi, hakuna aliyebishana naye mlangoni. Asante sana mama, tutalisoma pamoja saa nne.

Vitu vingine navitaja haraka, tutavirudia katika vikundi. Kitenge: pisi ni yadi 6, sasa kama unauza nusu, andika yadi 3, maana aliyenunua ataulizwa na fundi wa kushona. Gari: hapa Lubumbashi tunaendesha upande wa kuume na magari yenye usukani wa kuume ni mengi, kwa hiyo sema usukani uko wapi, kuna mtu hataki kabisa, na kuna asiyejali. Unga: kilo ngapi ndani ya mfuko. Na foto zisiwe nyingi mno, mega za mtu ni pesa yake. Nne zinazoonyesha kitu kwa kweli zinatosha.

Simu nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu hapo mnunuzi ana hofu, na hofu yake ina haki. Anaogopa kununua simu ya kuibwa. Anaogopa kufika nyumbani akute inadai akaunti ya mwenyewe wa zamani na haifunguki. Basi mtoe hofu hiyo ndani ya tangazo lenyewe. Andika kwamba akaunti ya Google au ya Apple utaitoa mbele yake. Andika kwamba atabonyeza *#06#, namba itakayotokea ataifananisha na ile iliyo kwenye boksi. Kama una fakitire, piga foto, funika jina lako. Na kitu ambacho hakitakiwi kuwa kwenye tangazo la mtu yeyote wa hapa ni kudai pesa ya mbele kwa M-Pesa au Airtel Money kabla mtu hajakiona kitu. Wezi wanaandika hivyo hivyo. Wewe unayeuza kwa haki, usiandike kama wao. Andika mahali pa kukutania penye watu, mchana, na kwamba atalipa akishakiona na kukishika.

Sasa kazi. Kila mmoja amekuja na tangazo lake moja kwenye simu. Hapa mezani kuna kadi, na kila kadi ina mnunuzi. Mmoja ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetafuta chumba karibu na Kasapa, na baba yake ndiye atakayelipa kutoka mbali bila kukiona. Mwingine ni mfanyabiashara anayekwenda Kasumbalesa kila wiki, anataka gari ya kubeba mizigo. Mwingine ni bibi ambaye mjukuu wake ndiye anayemsomea matangazo kwa sauti. Utachukua kadi bila kuchagua, utampa jirani yako simu yako, nawe utachukua ya kwake. Utasoma tangazo lake ukiwa yule mtu wa kwenye kadi. Kila swali linalokuja kichwani liandike kwenye karatasi, hata likiwa dogo, na usimwulize jirani yako, kwa sababu mnunuzi hana wa kumwuliza. Mwenye tangazo naye anyamaze, asijitetee, asieleze. Najua itakuwa ngumu.

Saa nne unusu mtarudishiana simu pamoja na karatasi ya maswali, na kila mmoja ataliandika tangazo lake upya kwa kufuata maswali hayo. Mchana tutayatuma kwenye magrupu tukiwa bado hapa, tuone ujumbe utakaoingia unauliza nini.

Mama wa frigo, tafadhali nisaidie kugawa kadi upande wa dirisha. Yaya pale nyuma, kalamu ziko kwenye boksi la buluu. Tugeukiane wawili wawili.