Mwongozo wa Kusahihisha na Majibu ya Mfano: Jaribio la Baiolojia, Kidato cha Nne, Sehemu B

Mwongozo huu ni wa sisi walimu watatu wa darasa la jioni tutakaosahihisha karatasi 34 za watahiniwa wa kujitegemea waliofanya jaribio Jumamosi iliyopita. Karatasi ya maswali ni ya zamani, ya mtihani wa majaribio wa shule moja ya sekondari, na haikuja na mwongozo wowote. Tulichopata ni picha nne zilizopigwa kwa simu, ambazo tulizichapa jinsi zilivyo na kuwagawia watahiniwa. Maswali yalikuwa ya Kiingereza, nikayafasiri ubaoni, na majibu yameandikwa kwa Kiswahili kwa makusudi, ili tujue nani haielewi baiolojia na nani anakwazwa na lugha tu. Kwa sababu hiyo istilahi isimnyime mtu alama: anayeandika “fotosinthesisi” na anayeandika “usanisinuru” wamesema jambo lilelile.

Picha ya tatu ndiyo iliyonisumbua. Kidole gumba cha mpigaji kimefunika alama za Swali la 3, na kivuli cha simu kimeangukia safu moja ya jedwali. Jumla ya alama za swali hilo imepatikana kwa hesabu: kichwa cha sehemu kinasema alama 40, Swali la 1 lina alama 8, la 2 lina 9 na la 4 lina 12, hivyo zinabaki 11. Mgawanyo wa hizo 11 kati ya vipengele (a), (b) na (c) ni uamuzi wangu, na nimeufanya kwa kutazama kazi ambayo kila kipengele kinadai.

Katika sehemu yote, kila hoja iliyotajwa hapa ina alama moja isipokuwa imeelezwa vingine. Hatutoi nusu alama. Mtahiniwa akitoa majibu mawili yanayopingana kwa kipengele kimoja, hapati alama hata kama mojawapo ni sahihi.

Swali la 1: Kupima wanga katika jani (alama 8)

(a) Sababu ya kila hatua kati ya hatua nne (alama 4). Jibu la mfano: “Jani huchemshwa katika maji kwa dakika moja au mbili ili kuua seli zake na kuvunja viwambo, iodini ipate kupenya. Huchemshwa tena katika spiriti ili klorofili itoke na rangi ya iodini ionekane vizuri. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu ili lilainike, kwa kuwa spiriti hulikausha na kulifanya livunjike upesi. Hudondoshewa iodini kwa kuwa iodini hugeuka bluu iliyokoza hadi kukaribia nyeusi inapokutana na wanga.” Katika hatua ya kwanza kubali pia “kusimamisha kazi ya vimeng'enya”. Usikubali “kusafisha jani” kwa hatua ya tatu. Walioandika hivyo ni wengi, nami nimejiridhisha kwamba hawakukusudia kuondoa mabaki ya spiriti.

(b) Kwa nini spiriti isichemshwe juu ya mwali (alama 1): mvuke wake hushika moto kwa urahisi. “Ni hatari” peke yake haitoshi.

(c) Mmea uliwekwa gizani kwa saa 48, kisha jani moja likafunikwa nusu na mmea ukawekwa juani (alama 3). Jibu la mfano: “Nusu iliyofunikwa itabaki na rangi ya kahawia ya iodini na nusu iliyo wazi itageuka bluu iliyokoza, kwa sababu mwanga unahitajika ili usanisinuru utengeneze chakula ambacho huhifadhiwa kama wanga. Mmea uliwekwa gizani kwanza ili utumie wanga wote uliokuwamo, hivyo wanga utakaoonekana uwe umetengenezwa wakati wa jaribio.” Alama ya kwanza ni ya matokeo ya nusu zote mbili kwa pamoja, ya pili ni ya mwanga, na ya tatu ni ya sababu ya giza. Hii ya mwisho ndiyo inayotenganisha aliyekariri na aliyeelewa, kwa hiyo msiitoe kwa kukisia alichotaka kusema mtahiniwa.

Swali la 2: Urithi wa selimundu (alama 9)

(a) Wazazi wote wawili ni AS. Onesha watoto wanaoweza kuzaliwa (alama 5). Alama zigawiwe hivi: jeni za wazazi, AS × AS, gameti za kila mzazi, A na S, mseto uliopangwa vizuri, kwa jedwali au kwa mistari, matokeo, AA, AS, AS na SS, na uwiano wenye maelezo, yaani mmoja asiye na alili ya selimundu, wawili wabebaji na mmoja mgonjwa. Herufi nyingine zikubaliwe mradi mtahiniwa ameeleza maana yake. Uwiano mtupu wa 1:2:1 usioeleza nani ni nani haupati alama ya tano.

(b) Watoto wawili wa kwanza ni wazima. Je, uwezekano wa wa tatu kuwa mgonjwa ni upi (alama 2)? Jibu la mfano: “Ni robo, au 25%, kwa sababu kila mimba ni tukio linalojitegemea na waliozaliwa kabla hawabadilishi uwezekano wa anayefuata.” Katika karatasi chache nilizopitia juu juu nimekuta hoja kwamba “zamu ya mgonjwa imekaribia”. Anayeandika hivyo huku akisema 25% apewe alama moja ya namba, asipewe ya sababu.

(c) Kwa nini alili ya S imeenea katika maeneo yenye malaria (alama 2)? Alama ya kwanza ni ya kusema kwamba mtu mwenye AS ana kinga ya kiasi dhidi ya malaria kali. Ya pili ni ya kusema kwamba kwa hiyo huishi, huzaa na kurithisha alili hiyo. Usikubali “mwenye AS haugui malaria”, kwa kuwa anaugua. Uhusiano huu ulioneshwa na Anthony Allison katika utafiti wake wa Afrika Mashariki aliouchapisha mwaka 1954, lakini jina na mwaka havina alama.

Swali la 3: Vipande vya kiazi katika maji ya sukari (alama 11)

Kila kipande kilikuwa na uzito wa gramu 5.0 mwanzoni. Uzito wa mwisho unaosomeka katika picha ni huu: 5.6 katika maji matupu, 5.3 katika 0.2 M, 4.9 katika 0.4 M, na 4.4 katika 0.8 M. Namba ya 0.6 M ndiyo iliyoangukiwa na kivuli, na inaweza kusomwa 4.6 au 4.8. Nimeikuza picha na naamini ni 4.6, kwa sababu mabadiliko yanashuka kwa mwendo unaoeleweka ikiwa ni hiyo. Hata hivyo watahiniwa hawakuwa na nafasi ya kuikuza karatasi, kwa hiyo namba zote mbili zikubaliwe.

(a) Asilimia ya badiliko la uzito (alama 5, moja kwa kila jibu). Majibu ni +12%, +6%, −2%, −8% na −12%, aliyesoma 4.8 atapata −4% mahali pa −8%. Mfano wa hesabu: (4.9 − 5.0) ÷ 5.0 × 100 = −2%. Alama ya kutoa ni sehemu ya jibu, kwa hiyo aliyeandika 2% bila kuonesha kwamba uzito umepungua akose alama hiyo. Akiisahau katika namba zote tatu za mwisho, apoteze alama moja tu kwa jumla, kwa kuwa kosa ni lilelile.

(b) Mkolezo ambao uzito haubadiliki (alama 2). Jibu ni 0.35 M, na lolote kati ya 0.32 na 0.38 likubaliwe. Alama ya pili ni ya njia: kwamba badiliko linapita sifuri kati ya 0.2 M na 0.4 M. Mkanganyiko wa 4.6 na 4.8 haugusi kipengele hiki. Aliyekosea hesabu katika (a) lakini akatumia namba zake mwenyewe sawasawa apewe alama zote mbili.

(c) Maelezo ya yaliyotokea katika maji matupu na katika 0.8 M (alama 4). Jibu la mfano: “Katika maji matupu, maji yaliingia katika seli za kiazi kwa osmosisi, kutoka penye maji mengi kwenda penye maji machache kupitia kiwambo cha seli kinachopitisha kwa kuchagua. Seli zilituna na kipande kikawa kigumu na kizito zaidi. Katika 0.8 M, nje kulikuwa na maji machache kuliko ndani, kwa hiyo maji yalitoka, seli zikalegea na uzito ukapungua.” Hoja nne ni osmosisi kupitia kiwambo hicho, mwelekeo wa maji pamoja na sababu yake katika maji matupu, mwelekeo huo pamoja na sababu yake katika 0.8 M, na hali ya seli katika angalau kimoja. Anayesema “sukari iliingia katika kiazi” akose alama ya mwelekeo hapo aliposema. Anayesema seli zilipasuka katika maji matupu akose alama ya hali ya seli, kwa kuwa ukuta wa seli ya mmea huzuia jambo hilo.

Swali la 4: Insha juu ya sukari ya damu (alama 12)

Swali linataka maelezo ya jinsi mwili unavyodhibiti sukari baada ya mtu kula ugali na saa kadhaa baadaye akiwa hajala, na kinachoharibika katika kisukari cha aina ya kwanza. Alama 9 ni za hoja na 3 ni za mpangilio: utangulizi unaoeleza maana ya udhibiti, mfuatano wa sababu na matokeo, na hitimisho linalojibu swali.

Jibu la mfano kwa hoja 9: “Wanga wa ugali humeng'enywa kuwa glukosi, nayo hufyonzwa katika utumbo mwembamba (1). Sukari ya damu inapopanda, kongosho hugundua (2) na kutoa insulini (3). Insulini huzifanya seli zichukue glukosi zaidi (4), na ini na misuli huigeuza glukosi kuwa glikojeni na kuihifadhi (5). Baada ya saa kadhaa bila chakula sukari hushuka, na kongosho hutoa glukagoni (6), ambayo hulifanya ini livunje glikojeni kuwa glukosi na kuirudisha katika damu (7). Badiliko hujisababishia marekebisho yake, na huu ndio mrejesho hasi (8). Katika kisukari cha aina ya kwanza seli za kongosho zinazotengeneza insulini zimeharibiwa, hivyo sukari hubaki juu na nyingine hutoka katika mkojo (9).”

Kwa kulinganisha, hili hapa ni jibu la kiwango cha kati, nililolitunga kwa kufuata makosa ya kawaida: “Mtu akila ugali sukari hupanda. Kongosho huona na kutoa insulini. Insulini hupeleka sukari kwenye ini na kuwa glukagoni. Mtu asipokula sukari hushuka na ini hutoa sukari. Mgonjwa wa kisukari hana insulini kwa hiyo sukari hukaa juu.” Hili lipate hoja ya 2 na ya 3 tu, pamoja na alama moja ya mfuatano, jumla 3. Hoja ya 5 inakosekana kwa sababu glukagoni imechukua nafasi ya glikojeni. Ya 7 inakosekana kwa sababu haisemi ini linatoa sukari kutokana na nini. Na ya 9 kwa sababu haielezi insulini imekosekana vipi. Najua litaonekana kali. Tahajia iliyopinda kidogo, kama “glaikojeni”, isamehewe, lakini neno la katikati kama “glikagoni” lisipewe alama, maana hatuwezi kujua ni lipi kati ya mawili lililokusudiwa.

Karatasi tano za kwanza tutazisahihisha sote watatu, kila mmoja peke yake kwa penseli, kabla ya kugawana zilizobaki. Penye tofauti ya zaidi ya alama mbili katika swali lolote tutajadiliana, na uamuzi wetu utaandikwa pembeni mwa mwongozo huu kwa kalamu nyekundu, kisha nakala zote tatu zirekebishwe siku hiyohiyo.