Moyo wa Kima

— Paukwa!
— Pakawa!
— Sahani!
— Ya mchele!
— Giza!
— La mwizi!
— Na kiboko?
— Cha mtoto mkorofi!

Haya, sogeeni mkekani, wajukuu zangu. Hapo kale palikuwa na mkuyu, umeota ufukweni kabisa. Nusu ya matawi juu ya nchi kavu, nusu yameinamia bahari. Juu yake akikaa kima. Na makuyu yake sasa! Mekundu, ukilipasua moja, ndani limejaa vijimbegu kama mchanga. Kima akila, mara moja likamponyoka. Lililiaje? Semeni nyinyi.

— Kuyu likaanguka...
— Chubwi!

Chini alikuwako papa. Akalimeza, akatoa kichwa, akaimba:

*Kima, kima, nitupie,*
*Moja lako, moja langu!*

Kima akamtupia.

— Kuyu likaanguka...
— Chubwi!
— Na jingine...
— Chubwi!

Ikawa ndiyo kazi yao, asubuhi na jioni, wakawa marafiki. Siku moja papa akasema, "Rafiki yangu, nimekula kwako mpaka naona haya. Leo twende kwetu nikukirimu."

"Mimi kuogelea sijui, bwana."

"Panda mgongoni, hata tone halitakugusa."

Kima akapanda.

— Wakaenda?
— Wakaenda!
— Wakaenda?
— Wakaenda!
— Mkuyu ukaonekana?
— Haukuonekana!

Kufika katikati ya bahari, papa akapunguza mwendo. "Kima, nikwambie kweli. Sultani wetu ni mgonjwa sana. Dawa yake ni moyo wa kima."

Jamani! Kushoto maji, kulia maji. Kima akalikamata pezi kwa mikono miwili, akanyamaza. Kisha akacheka.

"Ah, mbona hukuniambia mapema? Sisi kima tukisafiri, mioyo tunaiacha nyumbani. Wangu nimeutundika mtini. Turudi tukauchukue!"

Papa akageuka mbio.

— Wakarudi?
— Wakarudi!

Kugusa tawi tu, kima huyooo! La kwanza, la pili, la tatu, mpaka kileleni. Papa akangoja. Akaita, "Kima, wapi moyo?"

— Juu mtini?
— Kimya!

"Kimaaa! Sultani anangoja!"

— Juu mtini?
— Kimya!

Papa akaimba tena, lakini safari hii sauti inatetemeka:

*Kima, kima, nitupie,*
*Moyo wako, dawa yetu!*

Sasa kila mtu aweke mkono kifuani. Mnausikia? Du-du, du-du. Basi tumjibu papa kwa sauti moja:

— Moyo wa kima uko wapi?
— Kifuani!
— Haukutoka?
— Haukutoka!

Kima akachuma kuyu moja, bichi, gumu kama jiwe, akalitupa.

— Kuyu likaanguka...
— Chubwi!

Papa hakulimeza.