Kimanda cha Mwanaidi

"Ke-ke-ke-kekeee!"

Huyo alikuwa Kishungi, kuku wa Bibi, ametaga. Kishungi hakujua kutaga kimyakimya. Akitaga yai moja tu, mtaa mzima wa Pangani utapata habari.

Mwanaidi alichomoka kitandani akakimbilia uani. Alikuwa amekuja likizo kutoka Tanga mjini, na kazi ya kuokota mayai aliidai tangu siku aliyoshuka kwenye basi.

"Shikamoo, Bibi!" alisema huku akipita mbio.

"Marahaba. Usiyaokote yote! Acha moja kiotani. Kuku akikuta kiota kitupu anahama, halafu tutamtafuta mashambani kwa watu."

Mwanaidi akaacha moja, akachukua matatu. La nne alilikuta nyuma ya kinu, limejificha kwenye makumbi. Akayatia yote kwenye bakuli, akasimama mbele ya Bibi.

"Bibi, leo nataka kukaanga kimanda mwenyewe."

Bibi alikuwa amekaa kwenye jamvi barazani, mgongo ameuelekeza jikoni, anasuka ukili wa mkeka. Vidole vyake havikusimama.

"Una miaka mingapi vile?"

"Minane."

"Mama yako alianza na saba."

(Bibi alikuwa na tabia hiyo. Likizo iliyopita alisema mama alianza na tisa.)

"Haya, mke mwenza, kapike," Bibi alisema. "Kushika makaa ni kazi yangu, mengine yote yako. Mimi nitakufundisha kutoka hapa hapa."

"Na utaonaje, umenipa mgongo?"

"Nani kasema nitaona? Nitasikia."

Mwanaidi akacheka. Kimanda gani hicho cha kusikia? Lakini Bibi hakuwa anatania.

"Kwanza, mayai yako yatie kwenye maji."

Matatu yalizama yakalala chini ya bakuli. La nne, lile la nyuma ya kinu, likaelea juu kama boya.

"Kimya," alisema Bibi. "Kuna jambo."

"Moja linaelea, Bibi."

"Hilo viza. Ganda la yai lina vitundu vidogo mno, huwezi kuviona. Yai likikaa siku nyingi maji yake yanatoka humo na hewa inaingia. Likijaa hewa linaelea. Katupe mbali, na ole wako lipasuke mkononi!"

Mwanaidi alilibeba kwa vidole viwili, pumzi ameibana, mpaka shimo la taka. Kishungi alimsindikiza kwa macho, hakusema kitu. Safari hii hakujitangaza.

Kitunguu ndicho kilichomliza. Alikata nusu, vipande vidogo vidogo, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Kisha nyanya moja. Bibi akamwambia aikamue mbegu zote, maana maji ya nyanya hulegeza kimanda. Kisha hoho, robo tu.

"Sasa vunja yai. Pembeni ya kikombe, si juu ya bakuli kubwa. Moja moja. Ukipata baya, liharibike peke yake."

Mwanaidi akagonga. Tk.

"Unaliogopa," Bibi alisema kutoka barazani.

Akagonga tena. Tk, tk.

"Bado unaliogopa. Yai halikuamini."

Mwanaidi akakunja uso, akagonga kwa hasira. Krashh! Ganda likasagika, ute ukamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Hilo sasa umelipiga," Bibi alisema, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Toa maganda. Tumia kipande kikubwa cha ganda kukombea vile vidogo, kidole kitavikimbiza tu."

Kweli, kidole kilivikimbiza. Ganda likavikomba. Yai la pili likasema ta!, likafunguka vizuri, kiini kikashuka kizima, chekundu kama machungwa. La tatu, ta!

"Aa," alisema Bibi. "Hiyo ndiyo sauti."

Chumvi kidogo, ya kushika kwa ncha za vidole. Mwanaidi akachukua uma akaanza kupiga mayai. Kla-kla-kla-kla. Mkono ukachoka, akaubadilisha. Sauti ilianza nyembamba, halafu ikawa nzito, na povu likapanda. Hapo akamwaga kitunguu, nyanya na hoho.

Bibi aliinuka mara moja tu kupunguza makaa kwa koleo, akayafunika kidogo kwa majivu, akarudi kwenye jamvi lake. Mwanaidi akamimina mafuta kwenye kikaango.

"Nimwage mayai?"

"Uliza mafuta. Tupia kipande kimoja cha kitunguu."

Akatupia. Kipande kikalala pale, hakikusema lolote.

"Hayajawa tayari," alisema Bibi kabla hajaulizwa.

Wakasubiri. Mwanaidi hakuwa hodari wa kusubiri. Alisimama kwa mguu mmoja, akabadilisha mwingine, akatazama kivuko kikiondoka kuelekea Bweni na baiskeli na mbuzi juu yake. Akatupia kipande kingine.

Chwi-chwi-chwi.

"Mwaga!"

Chwaaaaa! Mayai yakatanda kikaangoni, pembeni yakavimba na kutoboka vijidirisha. Harufu ya kitunguu ikajaa ua mzima. Mwanaidi akashika mwiko, tayari kugeuza.

"Weka huo mwiko chini."

"Bibi! Umejuaje?"

"Umepiga hatua mbele. Sikiliza. Sasa hivi kinapiga kelele kwa sababu kina maji. Maji yakipungua, sauti itashuka. Ikishuka, niite."

Mwanaidi akainama, sikio ameligeuzia jikoni. Chwaaa. Chwaa. Chwa... kisha sauti ndogo ndogo, chwi, chwi, zikaachana.

"Sasa, Bibi!"

Sasa Bibi aliweka ukili chini. Wakafunika kikaango kwa sahani ya bati. Bibi akakamata mpini kwa kitambaa, Mwanaidi akaishika sahani kwa kitambaa kingine.

"Moja, mbili, haya!"

Wakapindua. Kimanda kikaangukia sahanini, upande mmoja wa dhahabu, na pembeni kimeungua kidogo. Wakakitelezesha tena kikaangoni kumalizia upande wa pili. Kipande kikachanika njiani. Mwanaidi akakibandika mahali pake, akakikandamiza kwa mwiko na kuomba kishike. Hakikushika.

Babu aliingia uani wakati huo huo na ndoo ya dagaa, suruali imelowa mpaka magotini. Ngalawa ilikuwa imeshapandishwa pwani.

"Mke wangu, leo nani kapika?"

"Mimi, Babu!"

Bibi akabandika sufuria ya chai ya maziwa kwenye makaa yaliyobaki. Wakakaa jamvini watatu, kimanda katikati na mikate ya bofulo pembeni. Babu akamega, akatafuna taratibu. Kitu kikalia kinywani mwake: kruk.

Bibi akamtazama Mwanaidi. Mwanaidi akatazama juu ya mnazi.

Babu akatoa kijiganda kwenye ncha ya ulimi, akakiweka ukingoni mwa sahani. "Kishungi ameniletea salamu," alisema, akamega tena, kipande kikubwa zaidi.

Bibi naye akala. "Chumvi imekaa sawa," alisema, na kwa Bibi hayo yalikuwa maneno mengi.

Kisha Mwanaidi akanyanyua kichwa. Nyuma yao, jikoni, kulikuwa na sauti. Ilikuwa ndogo, nyembamba, inapanda.

"Babu!" aliruka. "Chai inafurika!"

Babu, aliyekuwa karibu na jiko, akaiepua sufuria povu likiwa limefika mdomoni.