Wanangu wa Makorora, Jumanne saa kumi kamili

Wanangu, asalaam aleikum, na wenye salamu nyingine habari zenu za asubuhi.

Nimengoja kukuche ndipo niandike. Jana usiku kila aliyetuma ujumbe kwenye kundi letu alianza na pole. Pole, pole, poleni sana vijana, mpaka nikaanza kujiuliza tumefiwa na nani. Mwingine kaweka na mikono ya dua. Mimi pole sina. Pole anapewa mtu aliyeangukiwa na nazi akipita njia yake. Nyinyi mlikwenda Pongwe kucheza na vinara wa ligi ya wilaya, kwao, mkawafunga mawili kipindi cha kwanza, wakarudisha matatu cha pili. Basi tuuzungumze mpira.

Mnajua nilikuwa nimekaa wapi: nyuma ya kibendera cha kona, upande wa mwembe, na lile daftari langu la madeni ya karakana. Ukurasa wa watu wanaodaiwa pesa za tyubu na spoku umejaa hesabu zenu. Nawasomea nilichoandika, maana naona tangu jana mnasimuliwa mechi nyingine kabisa na watu ambao hawakupanda hata ile Hiace.

Bao la kwanza. Kipa hakubutua. Kampa namba nne, namba nne kampa sita, sita kamrudishia nne, nne kapiga upande wa pili kwa namba tatu, tatu kwa kumi, kumi kaupitisha katikati ya mabeki wawili, winga wa kushoto kamalizia. Pasi sita. Mzee mmoja wa Pongwe aliyekuwa amekaa jirani yangu na kahawa yake aliweka kikombe chini, akaniuliza, "Hawa watoto wanafundishwa na nani?" Nikamwambia wanafundishwa na dereva wa bodaboda. Hakuniamini. Miaka ishirini naangalia timu za mtaa huu, bao la pasi sita ugenini sijawahi kuliandika.

Sasa kipindi cha pili, maana huko ndiko kwenye kazi.

Kuanzia dakika ya sitini mawinga wawili waliacha kushuka. Sisemi walikuwa wavivu. Jua lile, na kiwanja kile ni kipana kuliko chetu kwa hatua kumi nzima, nilizihesabu kwa miguu yangu wakati wa mapumziko. Walipochoka, namba sita akabaki peke yake katikati na wenzake watatu wa Pongwe. Kijana akawa anakimbia kama mtu anayefukuza kuku kwenye uwanja wa watu. Likaja bao la kona dakika ya sitini na nne, nguzo ya karibu haina mtu. Hapo ndipo mlipoogopa. Baada ya lile bao mlipiga mipira mirefu mbele mara tisa. Nimechora vistari tisa. Saba kati ya hiyo ilirudi kwetu kabla mabeki hawajavuta pumzi. La kusawazisha lilitoka kwenye mmoja wa hiyo saba.

Kuhusu bao la tatu, naomba mnisikilize vizuri. Kuna maneno kwamba yule mshambuliaji alikuwa ameotea na kwamba mshika kibendera ni shemeji wa mtu. Nilikuwa sambamba na mstari. Hakuotea. Tuache maneno hayo leo leo, kwa sababu ukishasema umeibiwa hutarekebisha kitu, utakaa ungoje mwizi akurudishie. Bao lilikuwa halali, limetokana na namba tatu kutaka kumpiga chenga winga wa Pongwe kwenye kona ya boksi letu dakika ya themanini na tisa. Mpira ukabaki kwa winga.

Namba tatu, mwanangu, nimesikia jana hukushuka na wenzako, umeteremka mbele ukaenda nyumbani kwa miguu. Ngoja nikupe yangu.

Mimi nami nilivaa tatu. Mwaka 1991 nilikuwa na miaka ishirini na tatu, tulicheza na jirani zetu wa Ngamiani, barabara kwa barabara, zawadi ilikuwa mbuzi. Krosi ikaja, hakuna adui hata mmoja karibu yangu, nikaupiga kichwa safi kabisa wavuni mwetu. Kipa hakupata hata nafasi ya kuruka. Mbuzi akaenda. Kwa miezi miwili barazani waliniita Mfungaji Bora. "Mfungaji Bora, karibu kahawa." "Mfungaji Bora, baiskeli yangu imepasuka mpira." Hata marehemu mama aliwahi kuniita hivyo, akacheka mpaka akakaa chini. Kocha wetu wa wakati ule hakuniita pembeni, hakunishika bega. Ijumaa iliyofuata aligawa jezi, akafika kwangu, akanirushia tatu kama kawaida, akaendelea na wengine. Nilicheza miaka sita zaidi. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuonea huruma, mkimbie. Na ule mpira wa dakika ya themanini na tisa, ulipaswa kuutoa nje. Hata ukifika kwenye vibanda vya mihogo, poa tu.

Hapa Tanga mpira wa kushindwa tunaujua kwa karibu, hatuna haja ya kuazima mifano. Mwaka 2022 Coastal walikwenda Arusha fainali ya Shirikisho na Yanga. Dakika mia na ishirini, tatu kwa tatu, matatu yote ya Coastal kayafunga Sopu. Mtu kafunga mabao matatu kwenye fainali na bado karudi nyumbani bila kombe, penalti zikawapa Yanga. Nakumbuka usiku ule Ngamiani redio zilizimwa mapema. Msimu wa 2023/24 Coastal hao hao wakamaliza nafasi ya nne Ligi Kuu, wakapata tiketi ya Afrika, na golikipa wao Matampi ndiye aliyemaliza msimu na mechi nyingi kuliko wote bila kuruhusu bao, kuwapita makipa wa Yanga na Simba. Sikusema ilikuwa rahisi. Nasema tu waliofungwa Arusha hawakufunga klabu.

Na wale mnaopenda ya Ulaya, Milan waliongoza tatu bila wakati wa mapumziko kule Istanbul mwaka 2005, Liverpool wakarudisha yote ndani ya dakika sita hivi, wakachukua kombe kwa penalti. Hiyo kila mtu anaijua. Mwaka 2007 timu hizo hizo zikakutana tena fainali Athens, Milan wakashinda mbili kwa moja. Hii ya pili hakuna anayeisimulia barazani, sijui kwa nini. Kama kuongoza na kufungwa ni aibu, basi mko kwenye aibu moja na kina Maldini, na mimi ningekubali.

Kuna msemo huu, asiyekubali kushindwa si mshindani. Jana umeandikwa mara nne kwenye kundi, nimehesabu pia. Msemo mzuri, lakini kuna watu wanautumia kama godoro. Mtu akishafungwa anajilaza juu yake. Mimi sitaki mkubali kwa kulala. Mmefungwa kwa mambo matatu, na yote matatu yanafundishika: nguzo ya karibu wakati wa kona, mawinga kumsaidia sita, na kutoa mpira nje bila kuona haya. Hakuna hata moja hapo linalohitaji pesa, kiatu kipya wala mganga. (Na wewe uliyependekeza mganga, nakujua, na baba yako ananidai baiskeli yake. Tutaonana.)

Hesabu ya ligi iko hivi. Pongwe wana pointi 22. Sisi 19. Wanaotufuata wana 18. Zimebaki mechi nne, wanapanda wawili kwenda ligi ya mkoa. Maana yake asubuhi ya leo, pamoja na maneno yote ya jana, Makorora iko kwenye nafasi ya kupanda. Sisi ndio wa kukimbizwa. Anayekimbizwa hakai chini kulia, anaangalia anapokanyaga.

Kuna jambo dogo niliona ambalo hakuna aliyelisema. Bao la tatu lilipoingia, wachezaji sita walikuwa wamelala chini. Namba kumi akaingia wavuni, akautoa mpira, akakimbia nao mpaka katikati, soksi moja imeshuka kwenye kifundo, anapiga makofi. Zilibaki kama dakika tatu pamoja na za nyongeza. Ndani ya muda huo mlipata kona mbili na mpira mmoja uligonga mwamba. Timu iliyokata tamaa haigongi mwamba dakika ya tisini na mbili. Halafu kipenga kilipolia, nahodha akaenda kumshika mkono mwamuzi kwanza, ndipo wenzake wakafuata, na kipa akazunguka kuokota chupa zetu za maji zilizotapakaa kwenye kiwanja cha watu. Yule mzee wa kahawa aliona. Akaniambia mkirudi Pongwe nimtafute, kahawa atalipa yeye.

Jumamosi tunacheza na Mwambani, nyumbani, kiwanja chetu cha shule, saa kumi na nusu. Wale wanabutua na wanapenda kona. Itatufaa sana.

Kwa hiyo Jumanne saa kumi kamili mazoezini, isiwe saa kumi ya Tanga. Nimeongea na kocha, atapaki pikipiki mapema. Nusu saa ya kwanza ni kona tu. Nitasimama kwenye nguzo ya karibu mwenyewe na fimbo, atakayeiacha wazi atanunua sukari ya wiki nzima. Mawinga mje na maji yenu, mtakimbia kurudi nyuma mpaka mnichukie. Mama wa kibanda cha kona kasema mihogo na pweza Jumanne ni juu yake, na amesema hivyo kwa sababu mlifunga mawili, msije mkadhani ni matanga.

Jezi zimefuliwa tangu asubuhi, ziko kwenye kamba nyuma ya karakana. Ile nyekundu namba nane imechanika begani, naishona leo jioni.

Namba tatu, jezi yako nimeitoa kwenye kamba nimeiweka pembeni. Pita uichukue kabla ya mazoezi, saa tisa na nusu, na uje na mpira. Tutapiga krosi nje, mimi na wewe, mpaka ujue njia ya kwenye vibanda vya mihogo macho yamefumba.