Bakuli Moja, Mikono Kumi: maandishi ya msimulizi, video ya kinga ya kipindupindu, Bagamoyo

[Picha: Alfajiri ufukweni Bagamoyo. Wavuvi wanashusha samaki, mama lishe anawasha jiko.]

MSIMULIZI: Masika yanapoingia, mvua husomba uchafu wa vyooni na kuufikisha kwenye visima vifupi, na hapo ndipo kipindupindu kinapopata njia ya kuingia majumbani mwetu. Vimelea vyake hutoka katika kinyesi cha mtu aliyeambukizwa na kufika kinywani mwa mwingine kwa maji, chakula au mikono. Wapo wanaovibeba bila hata kuharisha. Kwa hiyo mkono unaoonekana safi si ushahidi wa usalama.

[Picha: Shughuli ya hitima. Bakuli la maji linapitishwa kwa walioketi kuzunguka sinia la pilau.]

MSIMULIZI: Litazameni bakuli hili. Wa kwanza amenawa, wa pili amenawa, na anayefikiwa wa kumi anachovya mikono katika uchafu wa wenzake tisa, kisha anamega tonge kutoka sinia moja nao. Wazee wetu walitumia birika na beseni: mmoja akimimina, mwenzake akinawa, na maji yaliyokwisha kutumika hayakumrudia mtu yeyote. Tunaomba utaratibu huo urudi katika kila shughuli, safari hii pamoja na sabuni.

[Picha: Mikono chini ya ndoo yenye koki, kisha kibuyu chirizi nje ya choo.]

MSIMULIZI: Lowesha mikono, paka sabuni, kisha sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha kwa sekunde 20 au zaidi, ndipo uisuuze kwa maji yanayotiririka. Fanya hivyo utokapo chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kumlisha mtoto. Sabuni ikikosekana, tumia majivu.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote au yatiwe dawa, na yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko. Samaki aive vizuri, aliwe angali moto.

[Picha: Mama anachanganya dawa ya chumvichumvi.]

MSIMULIZI: Mtu akianza kuharisha choo cha majimaji kinachofanana na maji ya mchele, msisubiri kupambazuke, kwani kipindupindu kikali kinaweza kuua kwa saa chache kwa kuukausha mwili maji. Changanyeni pakiti moja ya chumvichumvi katika lita 1 ya maji safi. Isipopatikana, tumieni lita 1 hiyo kwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mgonjwa anywe kidogo kidogo hata akitapika, aendelee kunywa njiani kuelekea kituo cha afya, na mtoto anyonyeshwe kama kawaida. Atakayemhudumia anawe kwa sabuni kila anapomgusa yeye au matapishi yake.

[Maandishi kwenye skrini: Wizara ya Afya, piga 199 bila malipo.]